Komenti ya pembeni: mwoneshe mtoto alipoteleza, hesabu mwachie aimalizie mwenyewe

Hii nawaandikia walimu wenzangu wa hisabati wa msingi, hasa darasa la 5 mpaka la 7, na nyie wa twisheni pia. Mi nafundisha Moshi, darasa langu lina watoto 74, kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema rundo la madaftari likiwa mezani linanisubiri na umeme ushakatika mara mbili tangu jioni.

Nianze na kilichonifanya nibadilike. Hesabu yenyewe fupi tu, 20 − 8 + 5. Mtoto kaandika 8 + 5 = 13, chini yake 20 − 13 = 7. Nikapiga kosa, pembeni nikaandika "Fuata magazijuto", nikafungua daftari linalofuata. Kesho yake analeta masahihisho, kaandika vilevile, 7, tena safari hii kwa mwandiko mzuri zaidi. Nikamwita nikijua ananichezea, nikamwambia we si nimekuandikia ufuate magazijuto? Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, nimefuata, jumlisha iko mbele ya toa."

Nikaishiwa maneno. Maana kweli, ukiisoma ilivyo, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, hiyo ju imetangulia to. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jumlisha na toa ziko daraja moja, unazifanya zilivyopangana kuanzia kushoto, na gawanya na zidisha nazo ni hivyohivyo. Yani mtoto alinitii asilimia mia na komenti yangu ndo iliyomrudisha shimoni. Siku hizi kosa hilo naliandikia hivi: "Una 20, umetumia 8, kisha umepewa 5. Sasa unazo ngapi?" Anahesabu mwenyewe anapata 17, anaangalia 7 yake, anaona hapa kuna kitu hakiko sawa. Jibu sijampa na kanuni sijamwandikia, nimempa tu kitu ambacho anakijua vizuri kuliko mimi, pesa, kikagombana na alichoandika.

Sasa tushuke hatua kwa hatua, na nitatumia swali moja mpaka mwisho ili tusipotezane:

Mkulima wa Marangu alivuna mikungu 60 ya ndizi. Aliuza 1/3 ya mikungu yote, kisha akampa jirani 1/4 ya mikungu iliyobaki. Alibaki na mikungu mingapi?

Njia ya kawaida ni 1/3 × 60 = 20, zinabaki 40, 1/4 × 40 = 10, zinabaki 30. Swali jepesi kwa macho, ila limejaa mitego.

Hatua ya kwanza: tafuta mstari wa kwanza uliokosea, usiangalie jibu

Ukishika peni nyekundu jicho linakimbilia jibu la mwisho, ukiona sio 30 mkono unapiga mkasi mkubwa juu ya kazi yote. Usifanye hivyo. Anza juu, mstari wa kwanza uko sawa weka tiki ndogo, wa pili uko sawa tiki, ukifika mstari ambao haufuati kutoka kwa wa juu yake, simama hapo. Hapo ndo komenti inakaa, pembeni ya mstari huo huo, sio chini ya kazi na sio juu ya ukurasa. Mtoto akiona tiki mbili halafu kimya halafu maneno, anajua kabisa kuwa mpaka pale alikuwa salama, na hiyo peke yake ni nusu ya msaada aliouhitaji.

Mistari ya chini ya kosa isome pia hata kama imeharibika, usiikatae tu kwa sababu namba zimebadilika. Kuna kijana wangu aliandika 60 − 20 = 30, kisha 1/4 × 30 = 7½, kisha 30 − 7½ = 22½. Ukipiga mkasi wote umemdanganya, maana njia yake yote ni sahihi, kilichomponza ni kutoa tu. Huyo nimezungushia 30 ya mstari wa pili na mistari miwili ya chini nikaiwekea nukta, ambayo darasani kwangu wanajua maana yake ni "njia iko sawa, namba zitabadilika".

Hatua ya pili: jiulize ni kosa la mkono, la kusoma au la kichwani

Hii ndo hatua ambayo wengi tunairuka kwa sababu ya kuchoka, na ndo inayoamua uandike nini.

Kosa la mkono ni kama la huyo kijana, 60 toa 20 anaijua hata ukimwamsha usiku. Utalitambua kwa kuangalia hesabu nyingine mbili tatu kwenye ukurasa huohuo, kama kutoa kote kwingine kuko sawa, basi hapa aliteleza tu. Kosa la mkono halihitaji maneno. Zungushia, pita. Ukianza kumwandikia maelezo ya kutoa unampotezea muda na unamfanya ajione mjinga bure.

Kosa la kusoma ni pale hesabu zote ziko sawa ila amejibu swali lingine. Mmoja wangu alifanya kila kitu vizuri, 20, 40, 10, halafu akapigia mstari chini ya 10, jibu. Wengi tungeandika "Soma swali vizuri". Lakini yeye anaona ameshalisoma vizuri! Mimi nilimwandikia maneno matatu tu pembeni ya ile 10: "Hizi za nani?" Akiulizwa hivyo lazima arudi kwenye sentensi ya jirani, na akishaona ni za jirani kazi imeisha.

Kosa la kichwani ni lile ambalo mtoto ana kanuni yake, anaiamini, na ataitumia tena kesho na keshokutwa. Kama yule wa magazijuto. Haya ndo ya kuwekea nguvu.

Hatua ya tatu: panga madaftari mafungu kabla hujaandika neno lolote

Watoto 74, ukitumia dakika 2 kila daftari ni karibu saa mbili na nusu, na bado hujapika. Kwa hiyo kwanza mi huchagua swali moja tu la zoezi ambalo nitaliandikia komenti, mengine ni tiki na mkasi wa kawaida. Halafu napitia madaftari yote kwa haraka nikiangalia swali hilo tu, nayagawa sakafuni kwa mafungu, waliopata huku, waliojibu 10 kule, waliojibu 25 kule, na kadhalika. Mara nyingi makosa ya darasa zima yanaingia kwenye mafungu manne au matano hivi, makosa ya watoto sio mengi kama unavyofikiri, ni yaleyale yamevaa mwandiko tofauti.

Ukishakuwa na mafungu unatunga komenti moja nzuri kwa kila fungu na kuinakili. Unaokoa muda na komenti inakuwa imefikiriwa, sio ile ya daftari la 60 ambayo ni "Makini!!" na alama mbili za mshangao za hasira.

Kuwa mwangalifu na kitu kimoja tu, jibu moja linaweza kutoka njia mbili tofauti. Fungu langu la 25 wengi walijumlisha 1/3 + 1/4 = 7/12, wakapata mikungu 35 imetoka, 60 toa 35 ni 25. Lakini wengine walichukua 1/3 ya 60 ni 20, kisha 1/4 ya 60 ni 15, wakatoa zote. Kwa bahati nzuri hapa ugonjwa ni uleule, wote wameichukua 1/4 ya mikungu yote badala ya iliyobaki, ila sio mara zote bahati inakuwepo kwa hiyo angalia mistari, usipange kwa jibu peke yake.

Na kama fungu moja ni nusu ya darasa, weka peni chini. Hapo kosa sio lao, ni la somo la jana. Rudi ukafundishe upya, usiandike komenti 37 kutibu kitu ambacho wewe mwenyewe hukukieleza.

Hatua ya nne: andika komenti yenyewe

Kipimo changu ni maneno yasiyozidi kumi au kumi na mbili hivi, lugha ya mtoto, na iwe na kitu cha kufanya, ama swali la kujibu ama kitu cha kujaribu. Wale wa 25 niliwaandikia hivi pembeni ya mstari wenye 1/4: "1/4 ya mikungu ipi? Pigia mstari maneno yanayosema." Angalia kwamba sijataja 40 wala sijasema "iliyobaki". Nikiandika "1/4 ni ya iliyobaki, sio ya yote" nitakuwa nimeshamaliza hesabu, kilichobaki kwake ni kunakili. Nikiandika "Rudia" sijamwambia chochote. Komenti inakaa katikati ya hizo mbili, inamwonesha mahali na kumwachia aone mwenyewe kilichopo.

Kuna aina nyingine naipenda sana, ya kulirudisha jibu kwenye swali lenyewe. Tuache ndizi kidogo. Mtu kanunua shati Kiborloni sh 8,000 akauza sh 10,000, asilimia ya faida ni ngapi? Nusu ya watoto wataandika 2,000/10,000 × 100 = 20%. Ukiandika "Gawa kwa bei ya kununulia" umempa kanuni ataisahau Jumatatu. Andika: "Tafuta 20% ya pesa aliyonunulia. Umepata faida yake?" Anatafuta, 20% ya 8,000 ni 1,600, faida ilikuwa 2,000, haziendani. Sasa ana sababu ya kuuliza hiyo asilimia ni ya kitu gani. Kosa linakuwa limejitaja lenyewe.

Kabla sijaendelea kwenye daftari linalofuata naisoma komenti yangu kwa maswali mawili. La kwanza, ina namba au neno ambalo mtoto alitakiwa alipate mwenyewe? Kama ndio, nifute. La pili, ningeweza kuihamishia kwenye daftari la mtoto mwingine yeyote na bado ikaonekana inafaa? "Kuwa makini", "Onesha njia", "Jitahidi", hizi zinakaa kwenye daftari lolote duniani, maana yake hazijasema kitu kuhusu hesabu hii.

Halafu usiandike komenti mbili kwenye hesabu moja. Ngoja nieleze kwa binti mmoja, maana hapa niliumiza kichwa. Yeye aliandika 1/3 + 1/4 = 2/7, kisha 2/7 × 60 akapata 17 na 1/7, akatoa kwenye 60. Ana makosa mawili makubwa kwa mpigo, anajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na pia ameichukua 1/4 ya mikungu yote. Nikimuuliza "1/4 ya ipi?" atapata 30 vizuri, lakini hatahitaji tena kujumlisha sehemu, kwa hiyo ile kanuni yake mbovu itajificha na kuja kunisalimia mwezi ujao. Nikishughulikia kujumlisha, atapata 7/12 na jibu 25, bado kosa, ataona nimemzungusha. Nikachagua kujumlisha, kwa sababu hilo litamfuata mpaka sekondari, na lile la mikungu nikaliacha kwanza nikijua nitalirudia. We unaweza ukachagua tofauti, sitakubishia, ila chagua moja.

Maksi au komenti?

Kuna utafiti wa Ruth Butler wa 1988, aliufanya kwa watoto wa Israeli wa umri wa darasa la 5 na la 6. Wengine walipewa maksi tu, wengine komenti tu, wengine vyote viwili. Waliopanda ni waliopewa komenti peke yake, wale wa vyote viwili hawakufaidi zile komenti. Kazi zenyewe hazikuwa za hesabu kama zetu, lakini mi ninachokiona darasani hakipishani na hapo, ukiandika 4/10 kwa herufi kubwa juu, mtoto anaangalia ile nne, anachungulia ya jirani, anafunga daftari. Kwa hiyo kwenye swali nililoliandikia komenti siweki maksi mpaka alijibu. Mtihani ni kitu kingine, huko maksi lazima na hamna jinsi. Mzazi akiuliza mbona daftari halina maksi, mwoneshe yale majibizano ya pembeni, wengi wanaelewa haraka.

Hatua ya tano: mpe nafasi ya kujibu, la sivyo umeandika bure

Hii ndo iliyonichukua muda mrefu kuijua. Niliandika komenti nzuri mwaka mzima na hamna aliyezisoma, kwa sababu nikirudisha madaftari moja kwa moja tunaingia mada mpya. Sasa hivi kipindi kinaanza na dakika 10 za kujibu komenti, kwa penseli, hapohapo chini ya maneno yangu. Haruhusiwi kufuta kazi ya zamani. Waliopata nawapa swali la kuongezea, mfano wabadilishe swali la ndizi ili jibu liwe 20, wakabanane nalo.

Mi nazunguka. Wengine watajibu papo hapo, wengine watakaa wanaitazama komenti kama inasomwa kwa Kichina, na hapo ndo unajua ni komenti ipi ilikuwa mbovu. Ukiona fungu zima limekwama, komenti ndo tatizo, iandike upya ubaoni. Ukiona mmoja kaandika jibu sahihi ila hakuna mstari wowote katikati, kanakili kwa jirani, muulize kwa mdomo swali lilelile ukibadilisha namba, 60 iwe 48. Akipata 24, samahani mwanangu.

Kama komenti ya kwanza haijamsaidia, ya pili isogee karibu zaidi, sio kurudia ileile kwa kupaza sauti. Mara ya tatu acha kuandika, mwite mezani akuelezee alivyofikiri, dakika mbili za kumsikiliza zinazidi komenti tano. Na yule ambaye ukurasa wake ni mweupe, hajaandika kitu kabisa, huyo komenti haina pa kushika. Mchoree mstari mrefu, mwambie hii ndo mikungu 60, gawa, halafu mwache.

Turudi kwa binti wa 2/7. Komenti yangu ya kwanza ilikuwa "2/7 na 1/3, ipi kubwa?" Nilijiona mjanja sana, maana ukiongeza kitu kwenye 1/3 haiwezekani upate kitu kidogo kuliko 1/3. Asubuhi nakuta kajibu kwa penseli: "2/7 kubwa". Basi. Kwake 2 na 7 ni namba kubwa kuliko 1 na 3, kwa hiyo nilimpa mgongano ambao yeye haoni unagongana wapi. Ili komenti ya namna hii ifanye kazi lazima isimame kwenye kitu ambacho mtoto ana uhakika nacho, sio kitu ambacho wewe mwalimu una uhakika nacho.

Jioni nikaandika tena chini yake: "Tumia njia yako kwenye 1/2 + 1/2. Chapati ngapi?"

Kesho yake dakika 10 zilipoanza nilimpitia kwa nyuma. Alikuwa ameandika 2/4, chini yake 1/2. Kachora nusu chapati, pembeni nusu nyingine, anaziangalia. Kisha akanyoosha kidole. "Mwalimu, hapa mbona nusu moja imepotea?"